Utangulizi: Barua Baada ya Kukataliwa

Somo la barua za kazi wengi hulianza na barua ya maombi. Mimi nakuanzishia kwenye barua inayofuata jibu la kukataliwa, ile ya kuomba ufikiriwe kwa nafasi ya idara nyingine palepale ulipokosa.

Hapa Dodoma waombaji wengi wamezoea utaratibu wa serikali. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwaweka kwenye kanzidata waliofaulu usaili nafasi zikawa hazikutosha, na kwa muda maalumu huweza kuwapangia kazi ya kada hiyo nafasi ikitokea. Huko barua haihitajiki. Kampuni binafsi nyingi hazina utaratibu huo. Alama zako za usaili hubaki kwa ofisa rasilimaliwatu, na mkuu wa idara ya pili hata hajui kama uliwahi kufika pale. Kazi ya barua ni kulifikisha faili lako mezani kwake.

Tuchukue mfano wa mhitimu wa uhasibu wa UDOM aliyefika usaili wa mwisho kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Ameambiwa kwa baruapepe kuwa kachukuliwa mwenye uzoefu zaidi. Wiki hiyohiyo kiwanda kinatangaza nafasi ya mtunza stoo. Kesho yake anajibu kwenye baruapepe ileile, ili mazungumzo ya awali yaonekane:

“Ndugu Meneja, ahsante kwa kunijulisha matokeo. Nimeona tangazo la mtunza stoo, linalotaka mtu wa kulinganisha leja na mzigo uliopo ghalani. Kazi hiyo niliifanya nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika ghala la chama cha ushirika, msimu wa alizeti. Naomba maombi yangu na matokeo ya usaili yafikishwe kwa mkuu wa stoo. Naambatanisha wasifu niliourekebisha.”

Hajabishana na uamuzi, wala hajaomba “nafasi yoyote”. Neno hilo huua barua nyingi, maana humwachia ofisa kazi ya kukutafutia pa kukaa, na kazi hiyo haifanyi. Kwenye wasifu, yale mafunzo ya ghalani yamepanda juu na masomo ya kodi yameshuka.

Barua hii ina mipaka. Aliyeachwa kwenye mchujo, kabla ya usaili, hana alama za kuhamishwa, hivyo aombe upya kama wengine. Aliyeharibu usaili wenyewe, kwa mfano kwa kujipinga kuhusu kazi aliyowahi kufanya, faili hilo litamwangusha tena.

Na usiitegemee barua peke yake. Ukijibiwa kwamba upitie tangazo, au ukikuta kimya, tuma maombi rasmi kabla ya tarehe ya mwisho, kwa sababu mchujo mara nyingi hufanywa kwa majina yaliyopokelewa kwa njia iliyotangazwa.