Kutafuta Kordi za Wimbo kwa Sikio: Punguza Mwendo, Weka Alama Mbili, Anza na Besi

Kwaya nyingi za parokia hujifunza nyimbo mpya kwa rekodi. Mwalimu anatumiwa wimbo kwenye simu, waimbaji wanausikiliza mpaka wazishike sauti zote nne, na nota haionekani popote. Anayebaki na kazi ngumu ni mpiga kinanda. Waimbaji wanaiga wanachokisikia, lakini yeye anapaswa kujua chini ya kila neno kuna kordi ipi. Akikosea, sauti za kati ndizo huyumba kwanza: tenori ameshika la yake, kinanda kinampigia so, naye anavutwa taratibu mpaka anaipoteza sauti yake. Frateri aliyepelekwa parokiani akakabidhiwa kinanda wiki mbili kabla ya sikukuu anaijua hali hii.

Tutaeleza hapa njia ya kuzipata kordi hizo kutoka kwenye rekodi yenyewe. Mfano wetu ni wimbo wa Noeli ambao wengi tunaufahamu kama Usiku Mtakatifu, kwa sababu kila msomaji ana tuni yake kichwani. Maneno yake ya Kijerumani yaliandikwa na padre Joseph Mohr, na tuni ikatungwa na Franz Xaver Gruber. Uliimbwa mara ya kwanza mkesha wa Noeli mwaka 1818 huko Oberndorf, Austria, ukisindikizwa na gitaa. Tuchukulie kwamba tumepewa rekodi ya kwaya ya sauti nne pamoja na kinanda, na kwamba wimbo una vipimo 12, kila kimoja kikiwa na mapigo sita.

Kupunguza mwendo bila kushusha sauti

Zamani waliotaka kusikia polepole waliipiga santuri ya mizunguko 33 kwa mwendo wa 16. Wimbo ulikwenda nusu ya kasi yake, lakini sauti zote nazo zilishuka oktava nzima. Programu za leo hutenganisha mambo hayo mawili: mwendo unapungua, do inabaki palepale.

Programu ya bure ya VLC inatosha. Kwenye kompyuta ya Windows au Linux, kitufe `[` hupunguza mwendo kidogo kidogo, `]` huuongeza, na `=` huurudisha wa kawaida. Anza na 0.75. Ukihitaji zaidi nenda hadi 0.50, na usishuke chini ya hapo. Programu hurefusha wimbo kwa kuikata sauti vipande vidogo sana na kuvipandanisha. Ukizidisha, sauti za waimbaji zinaanza kutetemeka kama zinatoka ndani ya pipa, na mwanzo wa kila nota ya besi unafutika. Kama kordi haisikiki kwa nusu ya mwendo, tatizo si kasi. Huenda ni besi isiyosikika, na hilo tutalifikia.

Alama mbili, A na B

Katika VLC fungua `View`, kisha `Advanced Controls`. Kitajitokeza kitufe chenye herufi A na B. Bonyeza mara moja pale unapotaka sehemu ianze, na mara ya pili pale unapotaka iishie. Sehemu hiyo itajirudia mpaka uizime. Kipimo kimoja cha wimbo wetu huchukua kama sekunde nne, hivyo kwa nusu ya mwendo unapata kama sekunde nane za kusikiliza.

Mahali pa kuweka alama ni muhimu kuliko inavyoonekana. Alama A iangukie kwenye pigo la kwanza la kipimo, pale besi inapoingia, na alama B iangukie kabla tu ya pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Ukichelewesha B hata kidogo, mwanzo wa kordi inayofuata unaingia ndani ya mzunguko wako, na sikio litadhani kordi inabadilika mwishoni mwa kipimo. Jihadhari pia na ile ruka ya kutoka B kurudi A, kwa maana nayo husikika kama badiliko la kordi. Ukiwa na shaka, sogeza B mbele kwa kipimo kizima. Badiliko likihama pamoja na alama, lilikuwa ni ile ruka tu. Likibaki palepale, limo kwenye wimbo.

Tafuta do

Kabla ya kordi yoyote, nenda kwenye kipimo cha 12, zungusha nota ya mwisho, kisha simamisha rekodi. Imba kwa mdomo uliofumbwa ile sauti ya chini kabisa uliyoisikia, ndipo uitafute kwenye kinanda. Usiitafute wakati rekodi inaendelea, kwa sababu kinanda chako kitaifunika. Katika wimbo huu nota hiyo ni do. Ikiangukia kati ya vitufe viwili, rekodi yenyewe iko juu au chini kidogo ya kipimo cha kawaida. Rekebisha mlio wa kinanda chako kabla ya kuendelea. Sisi tuseme tumepata do ni C.

Besi kwanza, tuni baadaye

Wengi huanza na tuni kwa sababu ndiyo inayosikika, lakini tuni haisemi kordi. Nota moja ya do inaweza kukaa juu ya C, F au A ndogo bila kugombana na yoyote. Kwa hiyo katika kila kipimo tunajiuliza kwanza besi iko wapi: zungusha, simamisha, imba, tafuta.

Vipimo vya 1 na 2 vinatoa do, nayo kordi ni C. Katika cha 3 besi inahamia so. Imba ti juu yake, kisha re, na zote zinatulia: ni G. Sikiliza kama ndani yake kuna fa. Ikiwepo, andika G7. Cha 4 kinarudi do.

Kipimo cha 5 kinaonyesha kwa nini tunaanza chini. Tuni inapanda la, la, do, kisha inashuka ti, la. Anayefuata tuni atakutana na hiyo ti na kutafuta kordi yake. Besi lakini imekaa kwenye fa tangu mwanzo hadi mwisho wa kipimo. Kordi ni F, na ti ni nota ya kupita tu, njiani kati ya do na la. Cha 6 ni C, cha 7 na cha 8 vinarudia cha 5 na cha 6, na cha 9 ni so tena, yaani G7.

Usipoisikia besi kabisa, angalia kwanza unasikilizia nini. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa nota za chini kabisa, tumia visikizio. Bado ikijificha, fungua rekodi kwenye programu ya Audacity, chagua `Change Pitch`, na uipandishe nusu-tone 12. Wimbo wote unapanda oktava moja, waimbaji wanasikika kama watoto, lakini besi imefika mahali ambapo sikio linaishika kwa urahisi.

Kipimo cha 10: C au A ndogo?

Hapa ndipo mipangilio ya wimbo huu hutofautiana. Tuni inatoa do, kisha mi. Kordi ya C ina do, mi, so. Kordi ya A ndogo, yaani Am, ina la, do, mi. Nota za tuni zimo katika zote mbili, hivyo tuni haikusaidii kitu.

Usikizungushe kipimo hiki peke yake, maana kikijirudia chenyewe sikio linakosa cha kulinganisha. Weka A mwanzoni mwa kipimo cha 9 na B mwishoni mwa cha 10. Kutoka G7 kwenda C utasikia wimbo umefika nyumbani. Kutoka G7 kwenda Am utasikia umegeukia chumba kingine. Kisha thibitisha: rekodi ikiendelea, imba so polepole juu ya kipimo cha 10, na mzunguko unaofuata imba la. Moja itakaa, nyingine itakwaruza. Besi ikiwa la na la yako ikatulia, ni Am. Hiki ndicho kipimo kitakachomtupa yule tenori wetu ukipiga C kwa mazoea wakati yeye amefundishwa la.

Kipimo cha 11: so isiyo G

Mtego wa pili ni kinyume cha ule wa kwanza: safari hii besi ndiyo inayodanganya. Tuni inashuka do, so, mi, kisha so, fa, re. Katika mipangilio mingi besi inakaa so kipimo chote, na mtu aliyezoea kuandika kordi kwa jina la besi ataandika G. Sogeza alama ili uzungushe nusu ya kwanza tu, mapigo matatu. Imba ti: inakwaruza. Imba do: inatulia. Basi hiyo ni kordi ya C iliyokalia so, tunaiandika C/G. Zungusha sasa nusu ya pili. Hapo ti inatulia na fa imo kwenye tuni yenyewe, kwa hiyo ni G7. Hakikisha pia kwamba so ndiyo ya chini kweli. Ukisikia do nyingine chini yake, basi nusu ile ya kwanza ni C ya kawaida.

Sasa tunaweza kuandika wimbo mzima wa rekodi yetu, tukichukulia kwamba kipimo cha 10 kimetoa Am:

Vipimo 1–4: C, C, G7, C
Vipimo 5–8: F, C, F, C
Vipimo 9–12: G7, Am, C/G na G7, C

Kuhakiki

Rudisha mwendo wa kawaida, ondoa alama, na upige kinanda pamoja na rekodi tangu mwanzo. Sikiliza mahali panapokwaruza, si mahali panapopendeza, na uzungushe hapo peke yake. Mwisho, mwombe tenori mmoja na alto mmoja waimbe sauti zao taratibu juu ya kordi zako, bila rekodi. Kama kuna nota ya kati uliyoikosa, wao wataigundua kabla ya kwaya nzima.

Njia hii ina kikomo. Kanisa lenye mwangwi mrefu huacha kordi iliyopita ikilia ndani ya inayofuata, na ukipunguza mwendo mwangwi nao unarefuka. Kwa rekodi ya namna hiyo, sogeza alama A mbele kidogo ya pigo la kwanza ili usikilize sehemu ya pili ya kipimo, baada ya mabaki ya kordi ya nyuma kufifia. Na pale ambapo so na la zote mbili zinakwaruza, mwombe aliyerekodi akutumie besi na tenori wakiimba peke yao.