Irabu Saba, Herufi Tano

Anayetaka kuiandika kwa mara ya kwanza lugha ambayo haijawahi kuandikwa huanza na kazi inayoonekana nyepesi: kusikiliza, kuhesabu sauti na kuipa kila sauti herufi yake. Wataalamu wanaofanya kazi hiyo Afrika hutumia orodha ya maneno 1,700, iliyoandaliwa mahususi kwa lugha za bara hili. Wazungumzaji hutamka maneno, kisha maneno hayo hupangwa mafungu mafungu kwa jinsi yanavyofanana kisauti. Jozi zinazotofautiana kwa sauti moja tu huwekwa kando, kwa kuwa ndizo ushahidi kwamba sauti hizo mbili ni fonimu mbili na si namna mbili za kutamka fonimu moja. Ubishi huja baada ya hapo. Orodha ya fonimu inaeleza lugha ina nini, lakini haisemi msomaji anahitaji kuona nini kwenye karatasi. Watu wanaojiunga na darasa la kusoma lugha hiyo, kwa upande wetu wa Afrika, wengi wao wameshasoma Kiswahili shuleni. Wanakuja na mazoea ya jicho na mkono. Hoja yangu ni kwamba tahajia mpya lazima ipime kila alama kwa kazi inayomfanyia msomaji huyo. Kipimo hicho kikitumika kwa uaminifu, kitamkera mwanaisimu anayetaka kila kitu kiandikwe, na kitamkera pia mzee wa kamati anayetaka kila kitu kifanane na Kiswahili.

Tuchukue irabu. Lugha mama ya Kibantu, kwa jinsi wataalamu walivyoijenga upya, ilikuwa na irabu saba. Kiswahili kiliziunganisha mbili na majirani zake kikabaki na tano, lakini lugha nyingi za Kenya na Tanzania bado zina saba: kati ya i na e iko irabu nyingine, na kati ya u na o vilevile. Herufi za Kilatini za irabu ni tano. Mbili zilizobaki ziandikwe vipi?

Kikuyu na Kigusii zilijibu swali hili kwa njia tofauti, ingawa zote mbili ni lugha za Kenya na zote zina irabu saba. Kikuyu kiliweka kiwimbi juu ya i na u, kikapata ĩ na ũ, kwa hiyo mtu akawa mũndũ na mti ukawa mũtĩ. Kigusii hakikuongeza alama yoyote. Irabu hizo za kati kiliziandika e na o, ndiyo maana mtu ni omonto na jina la lugha ni Ekegusii, na herufi hizohizo mbili zinabeba pia irabu za chini yake. Irabu ya mwisho katika mũndũ na irabu ya mwisho katika omonto zina asili moja, na matamshi yake hayako mbali. Sikio pekee halikuamua, kwani lingeamua, lugha hizi mbili zingeandika herufi ileile.

Njia ya tatu ilikuwepo pia. Taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Afrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza alfabeti yenye herufi mpya kama ɛ na ɔ, na toleo lake lililorekebishwa lilitoka mwaka 1930. Lugha kama Kiewe cha Ghana na Togo zinazitumia herufi hizo hadi leo. Kwa Kikuyu, mfumo huo ungeziandika e na o zile irabu za kati, kisha ɛ na ɔ zile za chini. Kisayansi ni mfumo mwaminifu, kwa sababu ĩ ya Kikuyu hutamkwa karibu zaidi na e kuliko i. Lakini tuone ungefanya nini. Gĩkũyũ ingeandikwa Gekoyo. Mũndũ angekuwa mondo. Kũrĩra, yaani kulia, ingekuwa korera, na kũrera, yaani kulea, ingekuwa korɛra. Msomaji aliyezoea Kiswahili angepoteza undugu unaoonekana wazi kati ya kũrĩma na kulima, kati ya mũtĩ na mti. Kiwimbi kinampa vyote viwili: umbo la neno linabaki karibu na analolijua, na alama ndogo inamwambia kwamba hapa sauti si ileile. Hapa mazoea na usahihi havikugombana, nami naona Kikuyu kilichagua vizuri kuliko alfabeti ya London.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa watu wenye akili timamu kabisa: kwa nini tuhangaike? Anayeijua lugha atalitambua neno kwa muktadha, na tahajia ya Kiswahili yenyewe haionyeshi kila tofauti. Ni kweli haionyeshi. Katika lahaja za kaskazini mwa pwani, paa wa porini hutamkwa kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi, lakini tahajia sanifu huyaandika kwa namna moja na hakuna anayepotea, kwa kuwa jozi za aina hiyo ni chache na sentensi huzitenganisha mara moja. Irabu za Kikuyu haziko hivyo. Ita ni mwaga, ĩta ni kuita mtu. Hilo muktadha ungeweza kuliokoa. Tatizo kubwa liko kwenye viambishi. Ng'ombe kwa Kikuyu, kama kwa Kiswahili, ana umbo moja katika umoja na wingi. Ng'ombe ĩrarĩa ni ng'ombe mmoja anayekula, ng'ombe irarĩa ni wengi wanaokula. Ukiondoa kiwimbi katika kiambishi hicho, sentensi haisemi tena kama ni mmoja au kundi, na muktadha hauna pa kushika kwa sababu sentensi zote mbili zina maana kamili. Viambishi vya ngeli hujirudia takriban katika kila neno, kwa hiyo tofauti ya irabu hizi haiko pembezoni mwa lugha. Ndiyo inayobeba sarufi yake.

Iko dalili nyingine inayoonyesha kwamba tofauti hiyo inahitaji alama, nayo huonekana kabla ya kitabu chochote kuchapishwa. Mpe mzungumzaji wa lugha yenye irabu saba, aliyesoma Kiswahili tu, aandike barua kwa lugha yake. Irabu ya kati ataiandika i kwenye mstari wa kwanza, e kwenye mstari wa tatu, wakati mwingine katika neno lilelile. Huo si uzembe. Sikio lake linasikia sauti ambayo mkono wake haujapewa herufi.

Kama irabu ziandikwe zote, mbona toni isiandikwe? Hapa mwanaisimu hunyanyua mkono, na ana haki, kwa sababu katika lugha nyingi za Kibantu toni hutofautisha maneno na nyakati za kitenzi. Lakini kuwepo kwa tofauti ni jambo moja, na faida ya kuiandika ni jambo jingine linalopimika. Steven Bird alilipima nchini Kameruni katika lugha ya Yemba ya eneo la Dschang, ambayo tahajia yake huweka alama za toni juu ya irabu, na alichapisha matokeo mwaka 1999. Washiriki, karibu wote wakiwa wamesoma masomo ya toni, walisoma matini zenye alama na zisizo na alama, kisha wakaombwa waongeze alama pale zisipokuwepo. Alama ziliwapunguzia wepesi wa kusoma, wala hazikuwasaidia kutenganisha maneno yanayofanana. Katika kuandika, wazoefu walipata asilimia 83.5, na wasio wazoefu asilimia 53, si mbali na matokeo ya mtu anayebahatisha.

Itasemwa kwamba hiyo ni lugha moja, na toni zake ni ngumu kuliko za nyingi. Nakubali, utafiti wa Yemba hauwezi kutumiwa kama sheria. Ila unaeleza kwa nini irabu na toni haviwi kitu kimoja mbele ya msomaji. Irabu hubaki na sura yake popote neno linapokwenda, au hubadilika kwa kanuni anayoisikia mwenyewe. Toni ya neno katika lugha nyingi huhama kwa kufuata majirani zake, hata neno lilelile likiandikwa jinsi linavyosikika linapata sura mbili au tatu, na jicho linashindwa kulikariri. Pale toni inapobeba sarufi peke yake, kwa mfano inapotenganisha wakati uliopita na ujao, inatosha kuweka alama kwenye kitenzi hicho tu. Lugha kadhaa za Kodivaa, Kidan mojawapo, ziliweka alama za uakifishaji mbele ya neno, zikaziacha irabu zipumue.

Kikuyu kinaonyesha pia kwamba kuandika kinachosikika si kosa kila mara, hata kinapovunja umoja wa kiambishi. Kiambishi cha kitenzi-jina ni kũ- katika kũruga, kupika, lakini ni gũ- katika gũthoma, kusoma, kwa sababu k hulainika mbele ya baadhi ya konsonanti. Mtu anayependa nidhamu angeandika k kote. Tahajia inaandika kile kinachosikika, na haimsumbui mwandishi, kwa kuwa k na g ni fonimu mbili ambazo sikio lake tayari linazitenganisha. Kwa upande mwingine, g ya Kikuyu hutamkwa kwa mkwaruzo, si kama g ya Kiswahili, na haikupewa herufi yake maalumu kwani hakuna g nyingine ya kuchanganywa nayo.

Pingamizi zito zaidi siku hizi ni la simu. Watu huandika bila viwimbi. Hata jina la Ngũgĩ wa Thiong'o huchapishwa magazetini likiwa Ngugi. Basi alama ya kazi gani kama haiandikwi? Jibu langu ni kwamba ujumbe mfupi kati ya watu wanaojuana hauhitaji kuwa kipimo cha kitabu cha shule, sheria ya kijiji au maelezo ya dawa. Lakini onyo lenyewe ni la kweli na linagusa uchaguzi wa alama. Lugha kadhaa za Tanzania, Kimalila cha Mbeya mojawapo, hutumia ɨ na ʉ zenye mstari katikati. Ni herufi nzuri kwa jicho, lakini herufi kubwa Ʉ haikuwemo katika Unicode hadi mwaka 2006, wakati Ĩ na Ũ zilikuwemo zamani. Kamati inayochagua herufi leo inapaswa kwanza kuichapa kwenye simu ya bei nafuu, kubwa na ndogo, na kuituma kwa mtu mwingine kuona kama inafika salama.

Kabla ya kitabu cha kwanza kupelekwa kiwandani, watu wasiokuwa kwenye kamati wasome matini kwa sauti, na wengine waandike imla. Makosa yahesabiwe kwa herufi. Yakirundikana kwenye alama moja, tahajia ndiyo yenye kasoro na irekebishwe. Yakitawanyika kote, tatizo ni ufundishaji. Kamati isiyofanya jaribio hilo isipewe fedha za kuchapa, kwa sababu vitabu vikishasambaa na kanisa, shule na familia zikaviweka nyumbani, hakuna mtaalamu atakayeweza kuwabadilisha watu herufi walizozizoea.