Mpira Uliogeuka Yai

Anayejifunza kutengeneza gemu za vipimo vitatu kwa kawaida huanza na kitu chepesi, labda mpira katikati ya skrini. Akiiwasha programu yake anaweza kukuta yai lililolala. Mara nyingi mkosaji ni mstari kama huu:

```
float uwiano = 1280 / 720;
```

Katika lugha ya C++, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, desimali hutupwa. Uwiano wa upana kwa kimo, uliopaswa kuwa 1.78, unakuwa 1. Kompyuta hailalamiki, kwani 1 nayo ni namba halali.

Namba hiyo huingia kwenye matriksi ya kamera, jedwali la namba 16 ambalo kila nukta ya dunia ya gemu hupitishwa kabla haijachorwa. Nyingi kati ya hizo ni sifuri, na umbo la picha liko mikononi mwa mbili tu. Inayoshughulikia kimo huitwa f: ni 1 gawanya kwa tanjenti ya nusu ya pembe ya kuona. Pembe ikiwa digrii 60, nusu yake ni 30, na f ni 1.732. Inayoshughulikia upana ni f hiyohiyo ikigawanywa kwa uwiano. Kisha kila nukta hugawanywa kwa umbali wake kutoka kwenye kamera, ndiyo maana vilivyo mbali huonekana vidogo.

Kila kinachoonekana hupata majibu yaliyo kati ya -1 na 1, kwa upana na kwa kimo vilevile. Kipimo hicho ni cha mraba, lakini skrini si mraba, kwa hiyo mwishoni upana hutandazwa juu ya pikseli 1280 na kimo juu ya 720. Kugawanya kwa uwiano ni kuuminya upana mapema ili utandazaji huo uurudishe sawasawa.

Tuchukue gurudumu lenye nusu kipenyo cha mita 1, limesimama mita 10 mbele likiitazama kamera. Kwa kimo tunapata 1.732 gawanya kwa 10, yaani 0.1732, zidisha kwa nusu ya skrini, pikseli 360, upate takribani 62. Kwa upana, uwiano ukiwa sahihi, 0.1732 hugawanywa kwa 1.78 na kuzidishwa kwa 640, na jibu ni 62 tena. Uwiano ukiwa 1, upana unaruka hadi pikseli 111. Dawa ni kuandika `1280.0f / 720.0f`, na kuirudia hesabu hiyo kila dirisha linapobadilishwa ukubwa. Simu ikishikwa wima mambo ni mabaya zaidi: 720 / 1280 kwa namba kamili ni 0, na f hugawanywa kwa sifuri.

Kuna mvutiko wa pili, na huo hauna kosa la hesabu ndani yake. Uwiano uko sahihi, mpira wa katikati ni mviringo safi, ila ukisogea pembeni unarefuka kuelekea ukingoni. Basi hiki ndicho kipimo cha kutofautisha: uwiano mbovu huvuta kila kitu popote kilipo, pembe pana huvuta vya pembeni tu.

Mchezaji huomba digrii 90 akidhani ni za upana, kumbe kazi kama `glm::perspective` huzihesabu kwa kimo. Kwenye skrini yetu upana unafika takribani digrii 121, na mpira ulio ukingoni kabisa huwa mrefu mara mbili ya unene wake. Cha ajabu, lile gurudumu letu likisogezwa pembeni bila kugeuzwa hubaki duara kamili. Vinavyovutika ni vitu vyenye unene, kama mipira na vichwa vya watu, na waliowahi kusimama mwisho wa mstari katika picha ya simu yenye lenzi pana wanalijua hilo.

Skrini ni kama kioo cha dirisha ambacho mandhari ya nje yamechorwa juu yake: mchoro huwa sahihi kwa jicho lililo mahali pamoja tu. Kwa digrii hizo 121, skrini ya upana wa sentimita 60 inataka jicho liwe sentimita 17 kutoka kwenye kioo. Hapo lile yai la pembeni lingetazamwa kwa mshazari na kuonekana mviringo. Lakini nani hukaa hivyo? Kwa anayekaa sentimita 60, pembe halisi ni kama digrii 53 za upana, nayo hufanya gemu ionekane kama inachunguliwa kwenye bomba. Watengenezaji huchagua namba ya katikati na kuvumilia uvutikaji kiasi.

Wachoraji walikutana na jambo hili zamani. Katika Shule ya Athene, mchoro wa Rafaeli ulioko Vatikani, uliochorwa kati ya 1509 na 1511, tufe mbili zilizo upande wa kulia zimechorwa kama duara, ingawa kanuni za majengo yaleyale zingezitaka ziwe mayai. Matriksi haina uhuru huo, kwa sababu kila nukta hupita kwenye namba zilezile na mistari iliyonyooka hubaki imenyooka. Anayetaka mipira ya pembeni ibaki mviringo lazima aongeze hesabu nyingine baada yake, na hapo kuta ndizo zitakazopinda.