Bunduki ya Serikali Mkononi mwa Jirani

Msafiri atokaye Eldoret, akapita mashamba ya mahindi na ngano ya Moiben akielekea mashariki hata ukingo wa Elgeyo, huliona Bonde la Kerio limelala chini yake. Na katika masafa hayo mafupi huwa ametoka katika nchi ambayo mkulima aliyeibiwa ng'ombe huandikisha habari kituoni, akaikaribia nchi ambayo jamaa za aliyeibiwa hushika silaha kwanza, wakafuata nyayo za wanyama kabla mvua haijazifuta.

Max Weber, mwanachuoni wa Kijerumani, alipohutubia wanafunzi mjini Munich mwaka 1919, alieleza kuwa dola ni ile jumuiya ambayo, ndani ya mipaka yake, hudai peke yake haki ya kutumia nguvu halali, na dai hilo likakubaliwa. Kukubaliwa huko ndiko msingi, kwa maana mtu huacha kisasi pale tu anapokuwa na yakini kwamba askari watamfuata mwizi kwa niaba yake.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 239, yakataza mtu yeyote kuunda kikosi cha ulinzi pasipo idhini ya sheria. Lakini polisi ni wachache na mabonde ni mapana. Basi serikali, tangu zama za ukoloni, imekuwa ikiwakabidhi baadhi ya wanavijiji bunduki wawe polisi wa akiba. Nambari ya bunduki huandikwa kituoni, na risasi ni amana ya serikali. Walakini aliyeishika hulala kijijini kwake, na ng'ombe wanaochukuliwa ni wa shangazi yake. Akifyatua, watu wa ng'ambo humwona ni jirani wa kabila jingine aliyependelewa, nao hutafuta silaha za magendo. Dalili ya ugonjwa huu haifichiki: risasi zinazorudi hazilingani na maelezo ya matumizi yake.

Mwaka 2019 serikali ilizikusanya bunduki za akiba. Aliyetii akabaki mikono mitupu, na aliyeficha ya magendo akabaki nayo. Wala hapana mzee wa kijiji awezaye kuwashauri vijana wake kusalimisha silaha iwapo hajui kama jirani amesalimisha yake. Februari 2023 majeshi yakapelekwa katika kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, na Bunge la Taifa likaidhinisha. Polisi wa akiba nao wakaandikwa upya. Jeshi laweza kuwatawanya wezi, lakini kumkamata mmoja kwa jina, kukusanya ushahidi na kumfikisha mbele ya hakimu ni kazi ya polisi.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba silaha zikusanywe pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kabla ya siku hiyo kuwadia, kila kituo cha bondeni kiwe na askari na gari la kufuata nyayo usiku uleule wa wizi.