Tangazo la Kigujarati la Kazi ya Duka Kisii: Lisome Hivi Kabla Hujaingia

Umetumiwa picha ya tangazo kwa WhatsApp. Duka moja la jumla mjini Kisii linatafuta msaidizi, lakini karatasi yote imeandikwa Kigujarati. Wasee kwa kundi wanacheka, wanasema hiyo imeandikiwa watu wa ukoo tu. Pengine. Lakini matangazo ya aina hii mara nyingi yana kila kitu: kazi ni gani, unaingia saa ngapi, unalipwa ngapi. Kuna mengine ya Kiswahili safi yanayokuambia "mshahara mzuri" halafu namba ya simu, basi.

Hebu tuchukue mfano mmoja nilioutunga. Juu kabisa kuna "joie che", yaani anahitajika. "Dukan" hiyo unaijua, ni duka. "Kam" ni kazi, na hapo utakuta kuuza kaunta, kupanga mali kwenye rafu na kuhesabu stoki. "Kalak" ni saa, "pagar" ni mshahara, "raja" ni likizo, na "ravivar" ni Jumapili. Ukipata maneno hayo saba, umeshika tangazo. Kama herufi zenyewe zinakukataa, mwombe mtu wa hapo dukani akusomee kwa sauti, utasikia yakipita.

Tarakimu ndizo za kuchunga. Moja ya Kigujarati inafanana sana na 9 yetu, kwa hivyo usianze kuota 98,000. Hapo ni 18,000 kwa mwezi. Halafu saa: "savare 8" si saa nane. Wao wanahesabu kama saa ya ukutani, kwa hivyo ni saa mbili asubuhi. Na "sanje 6" ni saa kumi na mbili jioni.

Sasa piga hesabu. Saa mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni ni saa 10. Toa saa moja ya chakula, inabaki 9. Mara siku 6, Jumatatu hadi Jumamosi, unapata saa 54 kwa wiki. Agizo la jumla la mishahara nchini linasema wiki ya kawaida isizidi saa 52 katika siku sita. Zile 2 za juu ni ovataimu, na zinalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Tangazo halitaji ovataimu, kwa hivyo uliza mapema, kwa upole: "Bosi, hizi saa mbili za wiki zinahesabiwaje?"

Na hizo 18,000 hazifiki zote mfukoni. NSSF inachukua asilimia 6, ambayo ni 1,080. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 495, na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 270. Unabaki na 16,155. Kama unatoka Nyamira kila asubuhi, toa nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 26 hivi, ndio uone kama bado inalipa. Uliza pia kama posho ya nyumba iko ndani ya hizo 18,000 ama ni kando.

Lile swali la wasee sasa: wana haki ya kuandika Kigujarati tu? Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza kubagua anayetafuta kazi kwa sababu ya lugha, ila kinaruhusu pale kazi yenyewe inapoihitaji kweli. Kama vitabu vya hesabu vya duka bado vinaandikwa Kigujarati, mwenye duka ana hoja. Lakini kwa kaunta, ambapo mteja kutoka Daraja Mbili anaongea Ekegusii na wa Keroka anachanganya na Kiswahili? Hapo mimi sioni hoja. Anayejua Ekegusii ndiye atauza. Ingia, uliza.

Ukiitwa, kumbuka tangazo si mkataba. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe, na kuandika ni jukumu la mwajiri. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba kama mkataba uko kwa lugha usiyoielewa, mwajiri ahakikishe umeelezwa kwa lugha unayoielewa. Kwa hivyo wakikupa karatasi ya Kigujarati, usitie sahihi kwa aibu. Omba wakueleze mstari kwa mstari, na wewe uandike pembeni kwa mkono wako: saa, siku ya kupumzika, pesa na likizo. Likizo ya mwaka isipungue siku 21 za kazi baada ya miezi 12, yenye malipo kamili. Ile picha ya tangazo usiifute kwa simu. Ikitokea mwisho wa mwezi umepewa 12,000, ndiyo utakayoonyesha ofisi ya leba.