Kabla ya Kupima Ubao, Pima Sanduku

Mjini Kitale na Bungoma, nyumba ya kupanga yaweza kupakana na poshomili, baa au kanisa lenye spika kubwa, na kati yao pakawa na ukuta mwembamba tu. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinataka kelele ndani ya makazi isizidi desibeli 45 mchana na 35 usiku. Ndiyo maana mwanafunzi wa ujenzi anayetafuta mradi wa somo la sauti huvutiwa na swali hili: kati ya bati, plaiwudi, jipsam na ubao uliotengenezwa kwa magunzi ya mahindi au makapi ya miwa, ni upi unaozuia kelele zaidi? Swali ni zuri, na kipimo chake kinawezekana bila maabara. Ila majibu mengi ya miradi ya namna hii hueleza sanduku la kupimia, wala si ubao.

Kifaa chenyewe ni rahisi. Tengeneza sanduku la mbao nene lenye sentimita 60 kila upande kwa ndani, uache upande mmoja wazi uwe mdomo wake. Ndani weka spika, na kuta zake uzibandike sponji ya godoro ili sauti isizunguke na kujilimbikiza pindi mdomo unapofungwa. Nje, mbele ya mdomo, simamisha mita ya kelele kwenye stendi kwa umbali usiobadilika, tuseme nusu mita. Piga kelele ya masafa mchanganyiko, ule mvumo wa redio isiyoshika stesheni, na usiguse tena kitufe cha sauti. Weka mita kwenye A na SLOW. Soma mdomo ukiwa wazi, kisha soma ubao ukiwa umefunga. Tofauti ya masomo hayo mawili ndiyo kiasi ambacho ubao umezuia.

Kabla ya kupima, mwanafunzi anapaswa kujua atarajie nini. Kwa ubao wa tabaka moja, jambo kuu ni uzito wa kila mita ya mraba. Uzito ukiongezeka maradufu, kinga huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Masafa yakipanda maradufu, vivyo hivyo. Hesabu ya kukadiria ni hii:

R = 20 log(m × f) − 47

Hapo R ni kinga kwa desibeli, m ni kilo kwa mita ya mraba na f ni masafa kwa hezi. Bati jembamba lina kilo 2.4 hivi kwa mita ya mraba, plaiwudi ya milimita 12 ina kilo 7, na jipsam ya unene huohuo ina kilo 9. Kwa hezi 500, hesabu inatoa desibeli 15 kwa bati, 24 kwa plaiwudi na 26 kwa jipsam. Ubao wa magunzi upime kwenye mizani, kisha ugawe kilo zake kwa eneo lake. Hapo utajua uzito wake unauweka karibu na ipi kati ya hizo tatu.

Sasa tuufuate mradi mmoja wa mfano. Mwanafunzi anakata vipande vya sentimita 60 kwa 60, anavisimamisha mdomoni na kuvibana kwa misumari michache. Ukingoni pote pamebaki mwanya wa milimita moja na nusu. Ni mdogo mno, lakini mzunguko wa mdomo ni sentimita 240, kwa hiyo mianya yote pamoja ina sentimita za mraba 36, yaani asilimia moja ya mdomo mzima. Asilimia moja iliyo wazi inapitisha sauti ya kutosha kuzuia kipimo kisivuke desibeli 20, hata ungefunga kwa chuma. Ukijumlisha sauti inayopita kwenye ubao na ile ya mwanyani, bati litasomeka desibeli 14, plaiwudi kama 18 na nusu, na jipsam 19. Mwanafunzi ataandika kwamba plaiwudi na jipsam ni sawasawa na kwamba zote mbili zinalizidi bati kidogo tu. Kumbe amepima mwanya.

Dawa yake ni kuziba ukingo kwa ukanda wa raba unaobanwa kwa skrubu pande zote. Na kuna jaribio moja linaloonyesha kama dawa imefanya kazi. Funga mdomo kwa tabaka tatu za jipsam, zibe kwa silikoni, kisha usome. Kizuizi kizito hivyo kinapaswa kutoa namba kubwa sana. Tuseme kimetoa 27 tu. Hiyo 27 ndiyo dari ya sanduku: ndiyo sauti inayotoroka kupitia kuta za mbao, viungo na tundu la waya wa spika. Ubao wowote unaosomeka chini ya dari kwa desibeli 10 au zaidi unaaminika. Bati lenye 15 linafaulu. Plaiwudi na jipsam hazifai kuhukumiwa na sanduku hilo mpaka kuta zake ziongezwe tabaka na dari ipande.

Kanuni hiyohiyo ya desibeli 10 inatumika kwa kelele ya mazingira. Ikiwa mdomo wazi unasomeka 85 na jipsam inazuia 26, mita itapokea 59. Zima spika usome tena: pakiwa na 49 au pungufu, hakuna shida. Lakini kando ya barabara kuu ya Bungoma, pakiwa na 55 za malori na bodaboda, mita itaonyesha 60 na nusu, na jipsam itapoteza desibeli moja na nusu isizostahili kupoteza. Mvua ya alasiri ya Kitale ikipiga bati la paa, ahirisha kazi. Pima asubuhi mapema, na usome kelele ya mazingira kabla na baada ya kila ubao.

Trei za mayai na sponji, ambazo watu hubandika ukutani kwa kutaka kumkinga jirani, zipimwe pia. Trei haifikishi kilo moja kwa mita ya mraba, na sponji inapitisha hewa. Vitu hivi, hasa sponji, hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini havizuii sauti isitoke nje. Ubao wa magunzi una hatari hiyohiyo ukiwa na vitundu: upime ukiwa mtupu, kisha upake plasta upande mmoja na upime tena. Namba ikipanda kuliko uzito wa plasta unavyoweza kueleza, basi hewa ilikuwa ikipita.

Mpaka wa mwisho ni besi. Katika sanduku la sentimita 60, mawimbi ya chini ya hezi 300 hivi hayatoshei vizuri, kwa hiyo masomo ya huko hayaaminiki. Na besi ndiyo inayomnyima jirani usingizi: kwa hezi 125, hesabu ileile inaipa jipsam desibeli 14 tu na bati 2 na nusu. Alama A kwenye mita huipunguza besi, hivyo rudia kila kipimo kwa C na uandike zote mbili.

Sanduku hili linapanga mbao kwa daraja. Haliwezi kumwambia fundi ukuta wa chumba utazuia desibeli ngapi. Kwa hiyo kila jedwali la mradi liwe na safu nne: uzito wa ubao, kinga iliyopimwa, dari ya sanduku na kelele ya mazingira. Mwalimu akikosa mbili za mwisho, asikubali mshindi anayetajwa.