Karanga 25 Mkekani

Kikundi kilikuwa kimekaa chini ya mbuyu, wanawake 22 kati ya wanachama 25, sanduku la chuma lenye kufuli tatu likiwa katikati ya mkeka. Ilikuwa Julai 2021, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Alizeti ilikuwa imeshavunwa na kuuzwa, na mtama umeshaingia ghalani. Huu ndio msimu ambao mikononi mwa watu mna fedha kidogo, na mwenyekiti wa kamati ya afya ya zahanati aliuchagua kwa makusudi.

"Mbukwenyi, mama zangu," alianza, na salamu ikajibiwa kwa pamoja. Mzee huyu ni mkulima kama wao. Alichaguliwa na wanakijiji kuiongoza kamati inayosimamia mapato na matumizi ya zahanati. Hakuja na karatasi. Alikuja na mfuko wa karanga, akahesabu punje 25 na kuzipanga juu ya mkeka, mbele ya sanduku.

"Kila karanga ni kaya moja," alisema. "Na kila karanga ni shilingi 30,000."

Hicho ndicho kiasi ambacho kaya ya watu wasiozidi sita ililipa kwa mwaka katika Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao wengi waliuita CHF. Mfuko wa aina hii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ukatungiwa sheria mwaka 2001, na kufanyiwa maboresho makubwa mwaka 2018. Baada ya maboresho hayo, michango ilikusanywa katika kapu moja la mkoa badala ya kila wilaya kuwa na lake, na kadi ikatambulika kuanzia zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya hadi hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kabla hajaendelea, bibi mmoja aliyeketi karibu na sanduku alinyoosha mkono. Alisema hisa anazielewa: unanunua hisa kila wiki, wenzako wanakopa, mwisho wa mzunguko unagawiwa fedha zako na faida yake. "Sasa hii 30,000, Mzee, nisipougua mwaka mzima, inanirudia?"

"Hairudi," alijibu mwenyekiti bila kuzunguka. "Nitakuonyesha inakokwenda."

Akaomba kina mama wafikirie mwaka mmoja wa kaya hizo 25. Alisisitiza kwamba hesabu yake ni ya mfano tu. Alisogeza kando karanga 10: kaya hizi hazikwenda zahanati hata siku moja. Akatenga 11: hizi ziliugua magonjwa madogo, malaria ya mtoto wa shule, kidonda, homa ya tumbo, na kila moja ilihitaji matibabu ya 20,000. Jumla 220,000. Akatenga tatu: katika kila moja mtu alilazwa, gharama ikafika 100,000. Jumla 300,000. Ikabaki moja. Katika kaya hiyo baba alipasuliwa ngiri katika hospitali ya wilaya, na gharama ikawa 230,000.

Katibu wa kikundi, aliyekuwa akiandika daftarini, alijumlisha: 750,000. Mwenyekiti akamwomba azidishe 25 kwa 30,000. Ikaja 750,000 ileile.

"Baba yule wa ngiri alilipa karanga moja," alisema, "lakini matibabu yake yamekula karibu karanga nane. Zile nyingine zimetoka kwa hawa 10 waliokaa salama. Bibi, karanga yako hii haikupotea. Imemlaza mwenzako kitandani, akatibiwa, akarudi kwake bila kuuza mbuzi. Mwakani huenda ya kwake ikakutibu wewe."

Kisha alifanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa kiini cha hotuba yake yote. Alizirudisha karanga zote mfukoni, akabakiza nne: zile kaya tatu zilizolaza wagonjwa na ile ya upasuaji. "Sasa tuseme waliokata kadi ni hawa tu, wale wanaojijua wana mgonjwa ndani. Wengine mmesema mtasubiri muugue kwanza." Karanga nne ni 120,000. Matibabu ya kaya hizo nne ni 530,000. Palikuwa kimya. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba kapu la namna hiyo halifiki hata nusu ya mwaka.

Mifuko mingi ya hiari huumia hapo. Mwenye mgonjwa hukimbilia kujiandikisha, mwenye afya husubiri, na kapu hubaki na watu wanaohitaji kutoa kuliko wanaoingiza. Kikundi cha akiba kinaweza kuziba pengo hilo kwa sababu wanachama wake walikusanyika kwa ajili ya biashara na mikopo, si kwa ajili ya maradhi. Wakijiandikisha wote 25 siku moja, wazima na wagonjwa huingia pamoja.

Mama mmoja kijana akauliza swali zuri: kama hesabu inakubali, kwa nini kikundi kisijitibie chenyewe? Wana mfuko wao wa jamii tayari, ule mchango mdogo unaokaa pembeni ya hisa kwa ajili ya misiba na dharura.

Mwenyekiti alichukua karanga nane nyingine na kuziweka karibu na zile nane za upasuaji. "Mwaka mmoja mkipata ngiri mbili badala ya moja, mmekwisha," alisema. Watu 25 ni wachache mno kubeba ugonjwa mkubwa. Bahati mbaya moja ikiongezeka, sanduku linakauka na hata fedha za hisa zinaingia hatarini. Kapu la mkoa lina kaya nyingi, hivyo upasuaji mmoja zaidi haulitikisi.

Lakini hakusema mfuko wa jamii uvunjwe. Aliugawia kazi yake. Kadi hulipia kumwona mganga, vipimo, dawa na kulazwa. Hailipii bodaboda ya kumfikisha mgonjwa wilayani usiku, wala chakula cha anayemuuguza, wala dawa itakayonunuliwa dukani siku zahanati imeishiwa. Hayo ni madogo na yanahitaji fedha saa ileile, na ndiyo yanayofaa mfuko wa kikundi.

Baada ya hapo alikuja kwenye suala la kulipa. Wanawake wengi walikuwa wamepiga hesabu ya shilingi 600 kwa wiki, ambayo kwa wiki 50 inatimiza 30,000. Yeye aliikataa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili hivi. Miezi hiyo ghala hupungua, fedha hukauka, na mbu huongezeka. Anayeanza Julai kwa 600 atakuwa bado anachanga malaria itakapobisha hodi.

"Changeni 1,500 kila wiki kwa wiki 20," alisema. "Anzeni leo, Novemba mnamaliza. Mvua ikinyesha, kadi iko mkononi." Ambaye wiki hiyo alikusudia kununua hisa tano za shilingi 1,000, anunue tatu, na 1,500 iende kwenye mfuko wa afya. Baada ya Novemba atarudi kwenye hisa zake kama kawaida. Fedha hizo, aliongeza, zikae katika mfuko wake wa kitambaa ndani ya sanduku, zisichanganywe na za mikopo, kwa sababu zikikopeshwa na mkopaji akachelewa, siku ya kujiandikisha itawakuta pungufu.

Siku hiyo, alieleza, afisa mwandikishaji wa kijiji atakuja na simu yake, ataandika majina na kupiga picha za wanakaya. Hapa alitoa maonyo matatu. Majina ni sita tu, kwa hiyo kaya kubwa iamue mapema nani aandikwe. Watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito, kwa sera ya serikali, hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, kwa hiyo mwenye kaya ya watu wanane na afikirie kwanza mume, mwenyewe na watoto wakubwa. La pili, kadi huisha baada ya mwaka, na tarehe zote 25 ziandikwe kwenye daftari la kikundi. La tatu, ukitoka zahanati kwenda hospitali, beba barua ya rufaa. Bila barua, unaweza kutakiwa kulipa taslimu hata kama kadi yako ni hai.

Ndipo mama aliyekuwa amekaa nyuma kabisa akasimama. Alisema aliwahi kuwa na kadi. Alikwenda na mtoto, akaandikiwa dawa, akaambiwa hazipo akanunue dukani. "Sasa nililipia nini?"

Mwenyekiti hakumkatiza. Alikiri kwamba malalamiko hayo ni ya kweli na kwamba ndiyo yanayowafanya watu wengi wasirudie kukata kadi. Kisha akaeleza fedha zinavyorudi kijijini. Zahanati hudai mfuko kwa kila mgonjwa wa kadi iliyemhudumia. Asipoandikwa namba yake, hakuna dai, na bila dai hakuna fedha inayoingia katika akaunti ya zahanati. Fedha hizo ndizo zinazonunua dawa pale Bohari ya Dawa inapokuwa haina, kwa mshitiri aliyeteuliwa na mkoa, na hazitoki bila kamati kukaa na kuidhinisha.

"Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Ukitibiwa, hakikisha namba ya kadi yako imeandikwa. Ukikosa dawa, andika jina la dawa na tarehe, umpe katibu wenu, aniletee. Mama mmoja akilalamika njiani, sina cha kupeleka kikaoni. Mkileta orodha ya kina mama kumi, mganga atanijibu, na mimi nitawajibu ninyi. Taarifa ya mapato na matumizi inabandikwa ukutani pale zahanati. Mkiona ukuta mtupu, niulizeni."

Tangu siku ile mengi yamesogea. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na viwango na vitita vya huduma si vya kudumu, kwa hiyo kikundi kinachotaka kujiunga leo kiulize kwanza kiwango cha sasa kwa afisa mwandikishaji au zahanati. Hesabu ya karanga haibadiliki kwa kubadilika kiwango. Bado itahitaji wazima na wagonjwa waingie pamoja, na fedha itangulie ugonjwa.

Pale chini ya mbuyu hawakupiga makofi wala kuimba. Mwenyekiti wa kikundi aliomba mikono, ikanyooshwa 19. Watatu walisema watajibu wiki ijayo baada ya kuzungumza nyumbani, na wengine watatu hawakuwepo. Wenye funguo wakafungua kufuli, mhazini akashona haraka kitambaa cha kanga kuukuu kuwa mfuko. Fedha zikahesabiwa mara mbili kwa sauti: 28,500. Bibi aliyeuliza swali la kwanza ndiye aliyetoa wa mwisho. Alipomaliza aliokota karanga moja mkekani, akamkabidhi mwenyekiti wa kamati, akasema, "Hii ni yangu. Nimeshaiweka."